Majina na kadi za maandishi katika filamu ya hali halisi: mwongozo wa kuyafanya yasomeke na yafanane

Wanaoanza kuhariri filamu za hali halisi hapa Nairobi huuliza maswali yaleyale. Fonti ipi inafaa? Jina likae kwa sekunde ngapi? Mbona maandishi yaliyosomeka vizuri kwenye kompyuta hayasomeki kwenye simu? Na imekuwaje filamu ya nusu saa ikawa na mitindo mitatu ya majina, ilhali aliyeihariri ni mtu mmoja? Mengi ya maswali hayo hupata jibu nje ya programu ya kuhariri: kila neno litakaloonekana kwenye skrini liandikwe na kukubaliwa kwanza katika jedwali moja, kisha yote yaumbwe kwa kiolezo kimoja, na ndipo yawekwe juu ya picha.

Katika mwongozo huu nitaita "ukanda wa jina" yale maandishi ya mistari miwili yanayotokea sehemu ya chini ya picha kumtambulisha anayezungumza, na "kadi" ni skrini yenye maandishi peke yake, inayotaja sehemu, mwaka au jambo ambalo picha haiwezi kulisema. Mfano tutakaoufuata ni filamu ya dakika 30 kuhusu wafanyakazi wa matatu jijini, yenye wahojiwa kumi na wawili ambao baadhi yao wanazungumza Kiswahili, wengine Sheng na wengine Gĩkũyũ, na kwa hiyo ina manukuu ya tafsiri. Majina ya wahojiwa ni ya kubuni.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Filamu ambayo mpangilio wa shoti zake umekwisha kukubaliwa. Ukiweka kanda za majina mapema, utazihamisha kila unapokata upya.
- Programu ya kuhariri. Ninatumia DaVinci Resolve, na toleo lake la bure linatosha kwa kazi hii yote.
- Lahajedwali ya aina yoyote, hata iliyo kwenye simu.
- Fomu za idhini zilizosainiwa na wahojiwa, zikiwa na majina waliyoyaandika kwa mikono yao.
- Simu ya kawaida, ya aina ambayo watazamaji wako wengi wanayo, kwa ajili ya majaribio.

Hatua ya 1: Kusanya majina siku ya kurekodi

Kamera ikishawashwa, mwombe mhojiwa ataje jina lake, aseme herufi zake moja moja, kisha aeleze kazi yake kwa maneno yake mwenyewe. Baada ya hapo mpe fomu ya idhini aandike jina jinsi anavyotaka lionekane. Usilinakili jina kutoka kwenye orodha ya namba za simu za mtayarishaji, kwa sababu huko mtu huhifadhiwa kama "Kamau Dere" au "Mama Shiro wa Stage", na majina ya namna hiyo yana tabia ya kupenya hadi kwenye filamu iliyokamilika.

Suala la alama za Gĩkũyũ linaamuliwa na mwenye jina. Yupo atakayeandika Mũthoni na yupo atakayeandika Muthoni, na kila mmoja yuko sahihi kwa jina lake. Kinachokosewa ni kuziondoa alama hizo kwa sababu tu kibodi yako haina ũ.

Hatua ya 2: Andika jedwali la maandishi yote

Kila ukanda na kila kadi upate safu yake. Onyesha namba, aina, saa ya kuanzia katika filamu, mstari wa kwanza, mstari wa pili na muda wa kukaa. Safu moja inaweza kuonekana hivi ikihifadhiwa kama faili ya maandishi matupu:

```
namba,aina,kuanza,mstari1,mstari2,sekunde
U04,ukanda,00:06:18:12,Samuel Ng’ang’a,"Dereva, laini ya Kayole",5
```

Hapa ndipo kazi kubwa ya kufananisha inapofanyika, kwa hiyo ipe muda. Isome safuwima ya mstari wa pili peke yake kutoka juu hadi chini, ukiacha kuyatazama majina, na kasoro zitajitokeza zenyewe. Utakuta mmoja ameitwa "Kondakta", mwingine "Makanga" na wa tatu "Mhudumu wa matatu", ingawa wote watatu wanafanya kazi moja. Utakuta "Barabara ya Jogoo" katika ukanda mmoja na jina lake la Kiingereza katika mwingine. Utakuta mmoja ana "Bw." na mwenzake hana. Chagua njia moja kwa kila jambo, iandike juu ya jedwali, kisha irekebishe orodha nzima.

Mimi huondoa Bw. na Bi. kwa kila mtu, kwa kuwa mtazamaji anamwona mhusika na ukanda hauna nafasi ya kupoteza, lakini hubakiza Dkt., Prof. na vyeo vya dini vinapohusiana na kile mtu anachokizungumzia. Neno "Mzee" linahitaji uangalifu zaidi. Ikiwa mhojiwa mwenyewe amejitambulisha kama Mzee Karanja, na mtaani kwake hajulikani kwa jina jingine, kumwandika Karanja mtupu kutaonekana kuwa ni kumvunjia heshima. Muulize, kisha uandike uamuzi huo kwenye jedwali ili asije mtu mwingine "kuusahihisha".

Mstari wa pili unapaswa kujibu swali moja tu: kwa nini mtu huyu anazungumza katika filamu hii? Tuseme mhojiwa amekupa cheo chake kamili: "Mwenyekiti wa Kamati ya Nidhamu ya Madereva na Makondakta wa Laini ya Kayole". Cheo hicho kitajaza mistari miwili na hakuna atakayekimaliza kukisoma. Kama katika filamu anaeleza maisha ya usukani, "Dereva, laini ya Kayole" inatosha. Kama anaeleza namna kamati inavyoadhibu madereva wakorofi, andika "Mwenyekiti, kamati ya nidhamu". Weka kikomo cha herufi 40 kwa mstari wa pili, nafasi zikihesabiwa. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na viunganishi vya "wa", "ya" na "cha" huongeza urefu haraka, ila mara nyingi koma moja inaweza kuondoa viwili kati yake.

Tahadhari kuhusu kibainishi cha ng'. Majina kama Ng’ang’a na Ng’eno yakitoka kwenye ujumbe wa simu hufika na alama za aina mbalimbali: nyingine imenyooka ('), nyingine imepinda kuelekea kushoto (‘), nyingine kulia (’). Zikichanganyika katika filamu moja huonekana, hasa herufi zikiwa kubwa. Tumia ’ kila mahali, na uzibadilishe zote katika jedwali kwa amri ya kutafuta na kubadilisha kabla hujanakili chochote kwenye programu ya kuhariri.

Hatua ya 3: Chagua fonti kwa kuijaribu

Unahitaji familia moja tu ya fonti, isiyo na vikia kwenye ncha za herufi, yenye angalau unene wa wastani na unene mzito. Noto Sans na Open Sans zinafaa, hazilipishwi, na zina herufi za Gĩkũyũ. Kabla hujaamua, andika mstari huu ndani ya programu yenyewe na uutazame kwa ukubwa wa kazi:

```
Mũthoni Ng’ang’a Wĩtĩre Illo 1 l I 0 O 2004
```

Ikiwa mahali pa ũ pana kisanduku kitupu, fonti haina herufi hiyo. Hali ya hatari zaidi ni pale programu inapoazima ũ kutoka fonti nyingine bila kukuarifu, kwa hiyo angalia kama unene wake unalingana na wa jirani zake. Epuka fonti nyembamba hata kama inapendeza kwenye kioo cha kompyuta. Video inapobanwa ili itumwe WhatsApp, mistari myembamba ya herufi ndiyo hupotea kwanza. Usiandike majina yote kwa herufi kubwa tupu pia: jicho hulitambua neno upesi zaidi herufi zinapopanda na kushuka, na NG’ANG’A huonekana kama ukuta.

Hatua ya 4: Jenga kiolezo cha ukanda

Anza na mradi wa pikseli 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde. Weka idadi ya fremu kabla ya kuingiza picha, kwani Resolve haikuruhusu kuibadilisha kwenye mradi ukishaweka picha. Kisha washa mistari ya Safe Area iliyo chini ya menyu ya View. Kanuni inayofuatwa na mashirika ya utangazaji ya Ulaya ni kwamba maandishi yasisogee karibu zaidi ya asilimia 5 kutoka kila ukingo. Kwa fremu hii hiyo ni pikseli 96 kushoto na kulia, na 54 juu na chini.

Huo ni mpaka wa usalama tu, na hauna maana kwamba maandishi yakae papo hapo. Filamu yetu ina manukuu, nayo hukaa chini katikati. Ukiweka ukanda kwenye kimo hicho, siku mhojiwa anapoanza kuzungumza Gĩkũyũ, jina lake na tafsiri ya maneno yake vitapandana. Kwa hiyo inua kanda zote, hata za wanaozungumza Kiswahili, ukingo wake wa chini uwe kama pikseli 200 kutoka chini ya picha, na eneo lililo chini yake liachiwe manukuu. Ukanda ukiruka juu kwa mhojiwa mmoja na kushuka kwa mwingine, mtazamaji hulihisi jambo hilo hata asipoweza kulieleza.

Ukubwa wa herufi uamuliwe na simu. Mtu akiishika simu wima ndani ya matatu, picha pana inabaki na kimo cha takriban milimita 38. Jina lililoandikwa kwa ukubwa wa pikseli 60 lina herufi kubwa za kimo cha pikseli 42 hivi, ambazo hapo huwa milimita moja na nusu. Cheo cha pikseli 46 huwa na kimo cha milimita moja na ushei. Chini ya hapo msomaji anaanza kuisogeza simu usoni. Basi 60 kwa jina, kwa unene mzito, na 46 kwa cheo, kwa unene wa wastani, ndio mwanzo mzuri. Text+, zana ya Resolve ya kuandikia maandishi, haipimi ukubwa kwa pikseli bali kwa desimali, kwa hiyo andika, pima dhidi ya fremu, kisha nukuu namba uliyoipata katika jedwali.

Linalofuata ni mandharinyuma. Jiji letu lina mwanga mkali: anga nyeupe ya saa saba, mabati yanayong'aa, shati jeupe la mhojiwa. Maandishi meupe yakiwekwa juu ya vitu hivyo bila kinga hayaonekani, na kivuli kidogo hakiokoi. Weka nyuma yake ukanda mweusi wenye uwazi. Swali ni uwe mzito kiasi gani, nalo linaweza kuhesabiwa. Tuchukue hali mbaya kabisa, picha iliyo nyeupe pe. Ukanda mweusi wa asilimia 60 juu yake huacha kijivu cha thamani 102 kati ya 255, na tofauti ya mwanga kati ya nyeupe na kijivu hicho ni karibu 5.7 kwa 1. Kiwango cha chini kinachotumika sana kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1, kwa hiyo umevuka. Ukishusha hadi asilimia 50, tofauti inakuwa karibu 4 kwa 1, na umeanguka. Tumia 60 au 65 na usiuguse tena, hata kwenye shoti za usiku ambako ungeweza kupunguza.

Katika Resolve, weka Solid Color nyeusi kwenye njia ya pili ya video, uipunguze kwa Crop na uishushe Opacity. Juu yake weka Text+ ya jina, na juu yake tena Text+ ya cheo. Maandishi yote yaanzie kushoto, kwenye mstari mmoja wa wima. Buruta vipande vyote vitatu hadi kwenye Power Bin ili uvipate katika mradi wowote utakaofuata.

Tahadhari: usiviunganishe vipande hivyo kuwa Compound Clip kisha ukakinakili kipande hicho kwa kila mhojiwa. Nakala zake zote hutegemea chanzo kimoja, na ukibadilisha jina katika nakala ya tano, wahojiwa wote kumi na wawili wataitwa jina hilo. Nakili vipande vitatu vikiwa vimechaguliwa pamoja.

Hatua ya 5: Weka kanda kwenye filamu

Soma jedwali na uweke kila ukanda mara ya kwanza mhusika anapozungumza akiwa anaonekana. Usiuanzishe kwenye fremu ileile ambapo shoti inabadilika. Acha fremu 12 hivi, yaani karibu nusu sekunde, jicho litulie kwenye uso, kisha ukanda uingie kwa kufifia ndani ya fremu 8 au 10. Uondoke kwa namna hiyohiyo kabla shoti haijakatwa. Herufi zinazoruka, kuzunguka au kujichapa moja moja hula muda ambao msomaji angeutumia kusoma.

Kwa muda wa kukaa, soma mistari yote miwili kwa sauti mara mbili, bila haraka. Kwa kawaida utapata sekunde 4 hadi 6, na sekunde 5 zinafaa kwa wengi. Usishuke chini ya 4 hata kwa jina fupi. Ikiwa shoti ya kwanza ya mhojiwa ni fupi mno, usilazimishe. Mara nyingi dawa ni kumtambulisha akiwa kazini, anafuta kioo au anaita abiria, kabla hajaanza kusema. Hapo hakuna manukuu, na mtazamaji hana maneno mawili ya kufuata kwa wakati mmoja. Njia hiyo pia hutatua tatizo la shoti za karibu sana, ambapo ukanda ulioinuliwa unagusa kidevu.

Aliyepotea kwa muda mrefu kisha akarudi anaweza kutambulishwa mara ya pili. Mwenye mazungumzo kila baada ya dakika tatu hahitaji.

Hatua ya 6: Andika kadi

Kadi nyingi huanza zikiwa aya ya ripoti. Hii ni rasimu ya kwanza ya kadi katika filamu yetu:

> Mnamo mwezi wa Februari mwaka wa 2004, serikali kupitia kwa Waziri wa Uchukuzi John Michuki ilianza kutekeleza kanuni mpya zilizozitaka matatu zote nchini kuwa na vidhibiti mwendo, mikanda ya usalama na mstari wa rangi ya manjano.

Jiulize ni nini ambacho filamu itakionyesha yenyewe. Mstari wa manjano unaonekana kwenye kila shoti inayofuata, kwa hiyo hauhitaji kuandikwa. Jina la waziri litatajwa na dereva sekunde chache baadaye, kwa sababu hadi leo watu huziita kanuni hizo kwa jina lake. "Mnamo mwezi wa" na "mwaka wa" haviongezi chochote. Kinachobaki ni hiki:

> Februari 2004.
> Matatu zote nchini zinatakiwa kufunga
> vidhibiti mwendo na mikanda ya usalama.

Angalia pia mahali mistari ilipokatwa. "Vidhibiti mwendo" haikutenganishwa, wala "ya" haikuachwa peke yake mwishoni mwa mstari. Programu hukata mstari inapojaa, haijui maana, kwa hiyo kata mwenyewe. Kadi isizidi mistari mitatu, na kila mstari usizidi herufi 40.

Kadi yetu ina herufi 90, nafasi zikihesabiwa. Gawanya kwa 13, kasi ya utulivu kwa msomaji wa skrini, upate kama sekunde 7, kisha ongeza moja ya kuizoea kadi. Ikae sekunde 8, yaani fremu 200. Kama sekunde 8 zinaivunja kasi ya filamu, punguza maneno, usipunguze sekunde.

Kadi zitumie fonti ileile ya ukanda, nazo zianzie kwenye ukingo uleule wa kushoto. Tarehe zifuate mtindo mmoja kote: ukiandika "Februari 2004" mara moja, usije ukaandika "02/2004" baadaye.

Hatua ya 7: Kagua kwa macho ya mtu mwingine

Toa picha tuli moja ya kila ukanda na kila kadi, uzipange zote kwenye ukurasa mmoja. Tofauti ya pikseli kumi ambayo huioni wakati filamu inakwenda itaonekana mara moja zikiwa bega kwa bega. Kisha mpe mtu ambaye hakushiriki katika uhariri fomu za idhini alinganishe majina herufi kwa herufi, kwa sababu aliyeandika husoma alichokusudia. Mwisho, tazama filamu kwenye simu ukiwa nje mchana, mwanga wa kioo ukiwa nusu, simu ikiwa wima.

Mambo yakiharibika

*Maandishi yanapanda na kushuka kidogo kati ya ukanda mmoja na mwingine.* Huenda maandishi yamepangwa kwa kufuata katikati ya herufi zilizopo, ndiyo maana "Njeri", yenye j inayoshuka, haikai sawa na "Kamau Otieno". Badilisha mpangilio wa wima ufuate mstari wa chini wa herufi, kisha uirekebishe nafasi mara moja kwenye kiolezo.

*Herufi zinatetemeka au kumeremeta.* Fonti ni nyembamba mno, au kuna mwendo wa polepole uliowekwa kwenye maandishi. Ongeza unene na uondoe mwendo huo.

*Maandishi ya rangi yana kingo chafu baada ya kupakiwa.* Video za mtandaoni huhifadhi habari za rangi kwa undani mdogo kuliko za mwanga, na nyekundu juu ya nyeusi ndiyo huumia zaidi. Rudisha maandishi kuwa meupe, na rangi ya filamu iwe kwenye kipande kipana kando ya ukanda.

*Cheo kimepita ukingo wa ukanda mweusi.* Usipunguze herufi kwa mhusika huyo mmoja. Rudi kwenye jedwali ukifupishe cheo.

*Mtu anataka kipande cha wima kwa ajili ya mitandao.* Ukikata picha ya 1920 kwa 1080 iwe wima, unabaki na upana wa pikseli 608 tu za katikati, na ukanda wako wa kushoto unakatwa pamoja na jina. Ndiyo sababu, unapotoa filamu iliyokamilika, toa pia nakala safi isiyo na maandishi kwa kuzima njia za video zenye kanda na kadi. Kipande cha wima kitengenezwe kutoka kwenye nakala hiyo, kwa kiolezo chake, na maneno yanakiliwe kutoka kwenye jedwali lilelile. Kituo cha runinga cha nchi nyingine kikiitaka filamu, nakala hiyohiyo ndiyo kitakayoiomba.